Prednisoloni ya siku tano: kwa nini usingizi unaruka na hisia zinayumba

Mtu mzima aliyebanwa sana na pumu kwa kawaida huandikiwa prednisoloni miligramu 40 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Kwa vidonge vya miligramu 5, hivyo ni vidonge 8 kila siku. Siku ya pili au ya tatu kifua kimefunguka na mgonjwa ana nguvu za ajabu: saa tano usiku anafua mapazia, anaongea mfululizo, na saa nane bado yuko macho. Nyumbani wanashukuru kwamba amepona, kumbe sehemu ya uchangamfu ule ni dawa.

Prednisoloni inaiga kotisoli, homoni ya tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Kotisoli hupanda alfajiri ili tuamke, kisha hushuka hadi chini kabisa karibu na usiku wa manane. Miligramu 40 za prednisoloni zina nguvu ya mara nane hivi ya kotisoli ambayo mwili hutengeneza kwa siku nzima. Dawa hiyo hufika hadi kwenye ubongo, katika sehemu zinazoshughulikia hisia, kumbukumbu na usingizi, nao ubongo unasoma kwamba kumekucha hata kama ni usiku.

Ndiyo maana saa ya kumeza ina uzito. Kosa tunalokutana nalo mara nyingi ni kugawa dozi, vidonge 4 asubuhi na 4 jioni. Vile vya jioni ndivyo vinavyofukuza usingizi, kwa kuwa kazi ya dawa hii mwilini huendelea kwa saa 12 hadi 36. Meza vyote 8 asubuhi baada ya kula, isipokuwa daktari amekupangia vingine. Dozi ya kwanza tu, kama umebanwa usiku, isingoje asubuhi.

Kiasi nacho kina uzito. Utafiti wa Boston wa mwaka 1972 kwa wagonjwa waliotumia prednisoni, dawa pacha ya hii, ulikuta matatizo ya akili kwa asilimia 1.3 ya waliopewa miligramu 40 au pungufu kwa siku, na asilimia 18.4 ya waliozidi miligramu 80.

Wengine, badala ya furaha, hupata hasira za haraka, kilio au unyonge. Unyonge huo unaweza pia kuja siku chache baada ya kidonge cha mwisho, kwa sababu ubongo umeondolewa ghafla msukumo mkubwa. Kwa wengi hupita ndani ya siku chache.

Ila mgonjwa akikesha usiku mbili mfululizo bila kuhisi uchovu, akatapanya fedha, akasikia sauti ambazo wengine hawasikii, au akazungumzia kujiua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na pakiti ya dawa. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Na aliyetumia zaidi ya wiki 3 asiache ghafla hata kama halali, kwani tezi zake huenda zimelala. Dozi itapunguzwa kidogo kidogo na daktari.