Riba ya benki si kipimo cha mradi

Wenye viwanda vya mbao Mafinga hutuletea hoja moja mara kwa mara: benki inanikopesha kwa asilimia 16, mradi utanilipa zaidi kidogo ya hapo, sasa nangoja nini? Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Tuchukue kampuni ya mfano. Thamani yake leo ni shilingi bilioni 1: milioni 600 ni za wenye hisa, milioni 400 ni mkopo. Riba hupunguza faida inayotozwa kodi, na kodi ya makampuni nchini ni asilimia 30, hivyo mkopo wa asilimia 16 unaigharimu kampuni asilimia 11.2. Wenye hisa hawana mkataba wa riba, nao hulipwa mwisho, baada ya kila mdai. Kwa hatari hiyo wanataka asilimia 22. Zidisha kila gharama kwa fungu lake: 0.6 × 22 + 0.4 × 11.2 = 17.68. Huo ndio wastani wa gharama ya mtaji, na mradi usioufikia haupiti.

Kampuni inataka tanuri la kukaushia mbao la milioni 200, fedha yote ya mkopo. Litaingiza milioni 62 kwa mwaka, baada ya kodi lakini kabla ya riba, kwa miaka 5. (Riba msiitoe hapa, imeshahesabiwa ndani ya wastani.) Ukipima kwa asilimia 11.2, mapato hayo yana thamani ya leo ya milioni 228, na tanuri linaonekana neema. Ukipima kwa 17.68, ni takriban milioni 195. Kampuni inapoteza karibu milioni 5.

Mtauliza: ikiwa fedha yote ni ya benki, wenye hisa wanaingiaje? Wanaingia kwa sababu benki haikopeshi tanuri peke yake, inakopesha kwa kutegemea mali na mapato ya kampuni nzima. Tanuri likimeza nafasi ya kukopa, mradi wa mwakani utagharamiwa na wenye hisa, na ukipimwa kwa 22 utakataliwa hata kama unalipa asilimia 20. Yaani tumekubali wa asilimia 16 na ushei, tukakataa ulio bora.

Lakini 17.68 ni kipimo cha biashara ya mbao. Kampuni hiyohiyo ikitaka kulima parachichi Njombe, hatari ni nyingine: miaka ya kusubiri mavuno, baridi kali, bei ya soko la nje. Hapo tafuta gharama ya mtaji ya wanaolima parachichi.

Na kama kampuni inapata hasara, haina kodi ya kupunguza kwa sasa. Mwaka huo mkopo uhesabiwe kwa asilimia 16 kamili, na wastani unapanda hadi 19.6.