Tosti iliyoungua na hiyo meseji ya kansa

"Ukila tosti iliyoungua hata mara moja ushajipandia kansa, watumie wote unaowapenda."

Hapana, kipande kimoja hakikupi kansa. Ila kuna ukweli umefichika humo ndani na ndio unaowachanganya watu. Mkate na viazi vina wanga, sukari kidogo na kitu kinaitwa asparajini, sasa moto ukipita kama digrii 120 na maji yakishakauka juu, hiyo asparajini inashikana na sukari na inatoka akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta kansa, kwa ule ule mchakato unaoleta rangi ya kahawia na ile harufu tamu. Mwaka 2002 ndio watafiti walitangaza wameikuta kwa vyakula, na panya waliopewa dozi kubwa sana walipata kansa kweli, lakini kwa binadamu tafiti za vyakula hazijaonyesha uhusiano wa wazi, na hapo ndipo meseji inaporuka.

Kuangalia ni rahisi, tazama rangi. Chukua viazi vya karai, vikichemshwa havitoi akrilamaidi ya maana kwa sababu maji hayapiti digrii 100, vikiingia kwa mafuta ni lile ganda la nje tu, likiwa la dhahabu iko kidogo, likikolea kahawia imezidi. Chipsi nyembamba zilizokauka ndio zinazidi zaidi. Na viazi vibichi vya kukaanga usiweke friji, baridi inavizidishia sukari.

Tosti ikiungua kwangua ule weusi ama itupe, na hiyo meseji tafadhali usiifowadi, inawatia mama zetu hofu bure.