Mradi mmoja kwenye barua ya kuomba uzamili

"Barua ya kuomba uzamili wa uhandisi si lazima ianze na shauku yangu tangu utotoni?"

Wengi tumefundishwa hivyo, ila msomaji wa maombi hana namna ya kuipima shauku. Mradi anaupima. Tuseme ulitengeneza kidhibiti cha pampu ya tangi la nyumbani. Eleza kwamba mwanzoni pampu iliwaka na kuzima mfululizo, kwa kuwa maji yalitikisika palepale kwenye kikomo kimoja cha kuiwasha na kuizima. Ukaweka vikomo viwili, iwake yakishuka hadi asilimia 30, izime yakifika 90. Taja na kilichokushinda: matone ya mvuke kwenye kihisi yalivuruga vipimo. Kisha funika jina, mpe mwenzako asome. Sentensi ambayo mwombaji mwingine yeyote angeweza kuiandika, ifute.