Simu ya kila siku haijui chumvi iko wapi

Juma lililopita mwanamume mwingine aliketi mbele yangu akasema yale yale: "Sasa mama, ugeni unatoka wapi, ilhali miaka yote tulizungumza kila siku?" Ninafanya unasihi wa ndoa hapa Mombasa, na wengi wanaonijia ni waume ambao wake zao wamerudi kutoka kazi za ndani Saudia. Nimeichoka kauli hiyo, ingawa anayeisema huwa hadanganyi. Walizungumza kweli, lakini walizungumza karo, mabati, homa ya mtoto na fedha zilizoingia kwa M-Pesa, tena usiku mwajiri akiwa amelala, mke akinong'ona na kila mmoja akimficha mwenzake yale ambayo yangemkosesha usingizi. Hakuna apigaye simu kutoka Riyadh kuuliza nani huamka kwanza na kikombe kipi ni cha nani.

Chukueni mke mmoja, ambaye nimebadilisha baadhi ya mambo yake asitambulike. Alimaliza mikataba mitatu ya miaka miwili miwili. Binti aliyemwacha na miaka 3 akamkuta ana 9. Siku ya tatu alitaka kupika, akafungua kabati moja baada ya jingine, hatimaye akamuuliza binti: "Chumvi mnaiweka wapi?" Mume alicheka. Mke alitoka uani akalia, na hadi walipofika kwangu mume alikuwa bado anaamini kwamba mkewe alilia kwa sababu ya chumvi. Kitenzi chenyewe kilikuwa kimesema yote: aliuliza "mnaiweka", katika nyumba ambayo mabati yake aliyanunua yeye.

Huwa ninawapa kila mmoja daftari, aandike siku yake tangu kuamka hadi kulala kwa wiki moja, bila kumwonyesha mwenzake, kisha tunayaweka madaftari mawili sambamba. Hapo ndipo mume alipoona kwamba mkewe huamka saa kumi alfajiri kusugua jiko lililo safi, kwa sababu mwili haujajua kwamba mkataba umekwisha. Mke naye aliona kwamba mumewe amejifunza kumsuka binti nywele kila Jumapili, na kwamba yeye alipokichukua kitana kwa furaha ya kuwa mama tena, alimpokonya mtu kazi aliyokuwa akiionea fahari. Tulikubaliana kuwa mambo yabadilishe mikono moja moja, si yote kwa pamoja, na kitana kikabaki kwa baba. Mama huketi kando akishika mafuta. Hesabu ya fedha zilizotumwa nyumbani huwa naomba ingoje hadi siku zitulie, ingawa shemeji na mawifi huitaka kabla mizigo haijafunguliwa.

Wananiuliza itachukua muda gani. Vitabu vina mchoro wa mawimbi wa watafiti Gullahorn na Gullahorn wa mwaka 1963, unaoonyesha anayerudi nyumbani akishuka moyo kisha akipanda tena, lakini watu hao waliwachunguza wanafunzi na wasomi wa Kimarekani, ambao sidhani kama waliwahi kunyang'anywa pasipoti na mwenye nyumba. Kwa hiyo sitaji tarehe. Asiyelala wiki nzima, au anayeshtuka kila akiguswa, simpi daftari. Ninampeleka hospitali, kwa kuwa hilo limepita ugeni wa nyumba.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Mume yule aliniambia kwa tabasamu: "Amerudi na adabu, hata dukani haendi bila kuniomba." Kuaga ni adabu yetu sote, na sina ugomvi na mke wala mume anayeaga. Lakini nilipouliza zaidi ilibainika kwamba mke alitaka kwenda kununua kiberiti duka la jirani, akasimama mlangoni akingoja jibu la mume aliyekuwa bafuni, na mume alipotoka alimkuta bado amesimama, kanga i begani. Hiyo ilikuwa miaka sita ya nyumba ambayo mlango wake ulifunguliwa kwa idhini ya mwajiri, na mume alikuwa akiipokea kama zawadi yake.

Nilimwambia kwa ukali amkataze kuuliza. Nadhani nilikosea, kwa maana katazo lenyewe lilikuwa amri nyingine ya mtu mwingine, na mke alidhani mumewe hajali aendako. Tulibadilisha: mume akaanza yeye kuaga, "Natoka, narudi kabla ya Magharibi," hata anapokwenda kwa kinyozi. Baada ya wiki kadhaa mke naye akaanza kusema "Natoka" badala ya "Naweza kutoka?" Si kila siku. Mume anasema zipo asubuhi ambazo bado humkuta mlangoni, na siku hizo hutoka wakaenda pamoja.