"Nimebanwa, shosti": udhuru wa nne unasema nini?

"Shosti wangu ameahirisha mara nne tangu Februari. Kila mara ana udhuru, na kila mara anaomba radhi kwa heshima zote. Nitajuaje kama kweli amebanwa au ananikwepa?"

Kwenye udhuru wenyewe hutajua. Kwetu mtu hasemi "sitaki kuja", kwa hiyo anayetamani kuja akakwama na asiyetaka kabisa wanaandika ujumbe uleule: samahani mpenzi, mtoto kaamka na homa, tutapanga. Na si sisi tu. Mwaka 1984 Anita Pomerantz, Mmarekani anayechunguza jinsi watu wanavyozungumza, alionyesha kuwa kukubaliana na mwenzako huja upesi na bila kuzunguka, ilhali kupingana naye hujikongoja: kwanza kimya au kusitasita, ndipo neno lenyewe. Kukataa mwaliko nako ndivyo kulivyo, hata kwa mtu anayekupenda. Usiipime adabu.

Soma kinachofuata baada ya radhi. "Leo imeshindikana, Jumanne nikitoka kazini nipitie?" ni jibu la mtu anayekutaka. "Tutapanga" ni neno tamu lisilo na siku ndani yake. Likija mara moja si kitu. Likija mara nne, na kila tarehe mpya umeitaja wewe, hapo pana jambo. Ila bado hujajua ni jambo gani, na wengi hukosea hapa, mimi nikiwamo.

Rafiki yangu aliwahi kunikatia hivyohivyo. Mwezi wa kwanza mtoto anaumwa, wa pili zamu kazini, wa tatu mgeni kutoka kijijini, wa nne "nimechoka tu, nisamehe". Nikanuna. Baadaye sana ndipo nilipoangalia nilikuwa namwalika wapi: kila mara Jumamosi jioni, kila mara Mbezi Beach, kuku na soda kila mtu ajilipie, na yeye anatoka Mbagala, upande mwingine kabisa wa Dar es Salaam. Kumbe alikuwa na marejesho ya vikoba viwili, na siku ya kulipa ilikuwa Jumamosi hiyohiyo. Wakati huohuo simu zangu alipokea, tukiongea hata nusu saa, na kwenye msiba wetu alikuja akakesha jikoni. Dalili zote nilikuwa nazo, nikazisoma vibaya. Aliyebanwa ulikuwa mfuko wake.

Kwa nini hakusema hana hela? Aibu. Lakini kuna utafiti wa Grant Donnelly na wenzake, uliochapishwa 2021, uliokuta kwamba anayekataa mwaliko kwa kusema hana muda humfanya mwalikaji ajione yuko mbali naye kuliko anayesema hana pesa. Tunaamini muda mtu akitaka ataupata, ila pesa kama haipo, haipo. Kwa hiyo "nimebanwa", lililochaguliwa ili kukulinda usijisikie vibaya, ndilo linalouma zaidi.

Basi badilisha mwaliko uone. Ondoa gharama, umbali na urefu wa muda: "Jumamosi asubuhi nakuja kwako na maandazi, wewe weka chai." Akikubali haraka, umepata jibu. Akikataa, usihukumu bado, maana huenda nyumbani ndiko kwenye jambo asilotaka ulione. Mpe kitu kingine kidogo, kama kwenda naye sokoni au kupiga simu usiku watoto wakishalala, na siku achague yeye.

Kisha fungua WhatsApp yenu urudi nyuma, si wiki hii tu bali mpaka mwaka jana. Nani alikuwa anaanza salamu? Mlinganishe na yeye mwenyewe wa zamani, usimlinganishe na wewe. Wako watu hawajawahi kuanza hata siku moja na urafiki wao ni wa chuma. Ila kama alikuwa akikutumia sauti za dakika tatu, na sasa habari zake, hata ya kuhama nyumba, unazipata kwa watu, huku yeye akikwepa hata cha bure, cha karibu na cha siku aliyoichagua, basi urafiki umepoa. Uliza kwanza kama wengine wanamwona. Aliyejitenga na kila mtu anaweza kuwa na msongo au ugonjwa, na huyo anahitaji kujuliwa hali.

Ukiamua kumuuliza, usiseme "umenichoka?" Swali hilo lina jibu moja tu la adabu, na utapewa hilo. Mimi niliandika: "Nimekumisi. Nahisi mialiko yangu inakubana. Niambie tu, nipunguze au tubadilishe mahali?" Alikaa siku mbili bila kujibu. Ya tatu akaandika: "Njoo nyumbani, lakini usije Jumamosi."