Kuisoma ripoti ya wiki kwenye kikao cha kiwanda cha chai

Kwenye kikao cha Jumatatu cha kiwanda cha chai huwa wapo makarani wa mizani, waendesha mashine, watu wa boila na wa kufungasha. Takwimu wanayoisubiri ni moja: majani tuliyopokea yametoa chai kiasi gani? Ndiyo inayozua ugomvi pia, kwa sababu ikisomwa vibaya husikika kama mtu ameiba chai.

Tuchukue kiwanda cha mfano. Wiki nzima kimepokea kilo 186,000 za majani mabichi na kupima kilo 39,600 za chai kavu. Ukigawanya moja kwa moja, kila kilo 100 za majani zimetoa kilo 21.3 za chai. Kiwanda kimezoea 22.5. Kwa hesabu hiyo zimepotea kilo 2,250, na macho yote yanageukia chumba cha kufungasha.

Hakuna kilichopotea. Majani hunyaushwa vitandani kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, kabla ya kukatwa na mashine, kwa hiyo ya Jumapili jioni huwa bado hayajawa chai hesabu inapofungwa. Wiki ilianza na kilo 14,000 vitandani, ikaisha na kilo 24,000. Kwa hiyo yaliyosindikwa ni 14,000 kujumlisha 186,000 kutoa 24,000, yaani kilo 176,000. Gawanya 39,600 kwa hizo, unapata 22.5 kwa kila 100. Ndiyo maana kwenye hotuba natumia majani yaliyosindikwa tu. Yaliyopokelewa nayataja mara moja, kisha nayaacha.

Mvua ni jambo jingine. Hapo uwiano hushuka kwelikweli, wala si kosa la mtu kiwandani. Jani lenye maji asilimia 78 lina kilo 22 za vitu vikavu katika kila 100. Chai ikitoka na unyevu wa asilimia 3, hizo 22 huwa kama kilo 22.7 za chai. Sasa tuseme kwenye kilo 100 zilizopimwa, 6 ni maji ya mvua yaliyoshika juu ya majani. Jani halisi ni kilo 94, na chai itakuwa kama kilo 21.3. Ni takwimu ileile iliyotutia wasiwasi hapo juu, ila chanzo ni tofauti kabisa. Ili kuvitofautisha, tazama uwiano wa siku moja moja: ukishuka siku za mvua na kupanda siku kavu, ni maji. Ukiwa chini siku zote, mvua au jua, kagua mizani na mapumba yanayofagiliwa chini ya mashine.

Hotuba yenyewe haipaswi kuzidi dakika 2. Naiandika hivi:

“Habari za asubuhi, wenzangu. Wiki iliyopita tumesindika majani kilo laki moja na elfu sabini na sita. Tumepata chai kilo elfu thelathini na tisa na mia sita. Yaani kila kilo mia za majani zimetupa kilo ishirini na mbili na nusu za chai, na hicho ndicho kiwango chetu. Vitandani tumebakiza kilo elfu ishirini na nne, elfu kumi zaidi ya wiki iliyotangulia. Sababu ni Alhamisi: kikaushio kilisimama kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba usiku, kwa kuwa kuni mbichi zilishindwa kupandisha mvuke. Wiki hii boila itapewa kuni za rundo la zamani tu. Zamu ya mchana, mtaanza na yale ya vitandani kabla ya majani mapya. Kuna swali?”

Tarakimu nimeziandika kwa maneno kusudi. Msomaji akikutana na 176,000 mbele ya watu husita. Kusimama kwa mashine kunatajwa kwa saa ya kuanza na ya kuisha, maana kila zamu itataka kujua ni yake au ya wenzao. Sababu inatajwa kwa kitu, kuni mbichi, bila jina la anayechochea boila. La mtu lisemwe ofisini.

Asilimia ya unyevu, umeme kwa kila kilo na mgawanyo wa madaraja ya chai ya BP1, PF1, PD na D1 vibandikwe ubaoni. Madaraja nayataja tu yakibadilika sana, kwa mfano majani yalipokwama kwenye uchachushaji kwa sababu kikaushio kimezima. Yaliyo vitandani yanaweza kusubiri kidogo, lakini yaliyokwisha kukatwa hayangoji: yakipitiliza muda, mng'ao wa chai hufifia na ukali wake huisha.

Kabla ya kusimama, linganisha karatasi mbili. Kilo za vitandani zilizofunga wiki iliyopita lazima zilingane na zilizofungua wiki hii. Zikitofautiana hata kwa kilo 500, usisome uwiano wowote mpaka karani wa zamu ya usiku aonyeshe daftari lake.