Duka linauza, faida iko wapi? Namna ya kusoma hesabu ya faida na hasara

Mwenye duka ukimuuliza faida yake ya mwezi, mara nyingi anakutajia mauzo, au anakutajia fedha zilizomo kwenye droo. Vyote viwili si faida. Faida yenyewe ni ya aina mbili, na kila moja inajibu swali lake: faida ghafi inakuambia kama bidhaa unazinunua na kuziuza vizuri, faida halisi inakuambia kama duka lenyewe linalipa.

Tuchukue mfano wa duka la vyakula la mama mmoja pale Mbagala, Dar es Salaam. Anauza unga, mchele, sukari, mafuta, sabuni na mikate, na ana msaidizi mmoja. Tuseme mwezi huo hakukopesha mtu. Sehemu ya juu ya hesabu yake inasomeka hivi, kwa shilingi:

Mauzo ya mwezi: 6,000,000
Mzigo uliokuwepo tarehe 1: 2,400,000
Ongeza manunuzi ya mwezi: 5,000,000
Toa mzigo uliobaki mwisho wa mwezi: 2,300,000
Gharama ya bidhaa zilizouzwa: 5,100,000
Faida ghafi: 900,000

Wengi wanakwama kwenye mistari ya mzigo. Hutoi manunuzi yote kwenye mauzo, kwa sababu baadhi ya ulivyonunua bado viko rafuni, na baadhi ya ulivyouza vilinunuliwa mwezi uliopita. Ndiyo maana jioni ya siku ya mwisho ya mwezi duka linafungwa, vitu vinahesabiwa kimoja kimoja, na kila kimoja kinaandikwa kwa bei ya kununulia. Ukihesabu kwa bei ya kuuzia, umejipa faida ya vitu ambavyo bado hujaviuza. Na nauli ya kirikuu iliyoleta mzigo kutoka kwa muuzaji wa jumla inaingia humo humo kwenye manunuzi, wala si kwenye matumizi ya duka, kwa sababu bila nauli hiyo bidhaa isingefika rafuni.

Sasa gawanya faida ghafi kwa mauzo: 900,000 kwa 6,000,000 ni 15%. Hicho ndicho kiwango cha faida ghafi. Katika kila shilingi 100 inayoingia dukani, 85 zimekwenda kwenye bidhaa yenyewe, na 15 zimebaki kulipia mambo mengine yote.

Mama huyu alitegemea 20%, maana kila bidhaa anaiongezea 20% juu ya bei aliyonunulia. Hapa kuna mtego. Kitu alichonunua kwa 2,500 anakiuza 3,000, faida ni 500. Ukiipima 500 kwa bei ya kununulia, ni 20%. Ukiipima kwa bei ya kuuzia, ni 16.7%. Hesabu ya faida na hasara inapima kwa mauzo, kwa hiyo anayeongeza 20% atarajie 16.7% na si zaidi. Anayepanga matumizi yake kwa kuamini ana 20% atakuwa anatumia fedha ambazo hazipo.

Hata hivyo 15% bado iko chini ya 16.7%. Kwa mauzo ya milioni 6, faida ghafi ilipaswa kuwa 1,000,000. Imepungua 100,000, na pengo hilo chanzo chake hakiwezi kuwa kodi ya fremu wala umeme, kwa sababu mistari hiyo hatujaifikia. Liko kwenye bidhaa: mikate iliyochacha, mizani inayozidisha kwa mteja, bei ya jumla iliyopanda huku bei ya rafuni ikibaki ileile, mkono mrefu wa mtu, au vitu vilivyochukuliwa kwenda nyumbani bila kuandikwa. Hili la mwisho huanzia kwa mwenyewe, nalo ndilo la kuangalia kwanza kabla ya kumshuku msaidizi.

Kwa mama wetu, unga, sukari, mafuta na sabuni zilizokwenda nyumbani mwezi ule zilikuwa za 60,000 kwa bei ya kununulia. Hazikuuzwa, kwa hiyo tunazitoa kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa. Faida ghafi inapanda hadi 960,000, sawa na 16%. Pengo linabaki 40,000, na hilo ndilo la kutafuta kwenye mikate na mizani.

Tushuke sasa chini ya mstari wa faida ghafi, kwenye matumizi ya kuendesha duka:

Kodi ya fremu: 200,000
Mshahara wa msaidizi: 180,000
Umeme wa LUKU: 60,000
Mifuko na vocha za simu: 35,000
Ulinzi na taka: 25,000
Makato ya huduma za pesa kwa simu: 20,000
Riba ya mkopo: 20,000
Uchakavu wa friji: 30,000
Leseni, sehemu ya mwezi mmoja: 10,000
Jumla: 580,000

960,000 ukitoa 580,000 inabaki 380,000. Hiyo ndiyo faida halisi kabla ya kodi ya mapato, kama 6.3% ya mauzo.

Mistari mitatu ya mwisho inahitaji maelezo. Mama huyu analipa marejesho ya 120,000 kwa mwezi, lakini kilichoandikwa ni riba tu, 20,000. Ile 100,000 nyingine inapunguza deni, si gharama. Friji aliinunua kwa 1,440,000, na akikadiria itadumu miaka 4, kila mwezi unabeba 30,000 yake ingawa hakuna fedha inayotoka. Leseni ililipwa yote mara moja, lakini hesabu inaigawa kwa miezi 12.

Kwenye orodha hiyo hutaona fedha alizochukua mwenyewe kwa matumizi ya nyumbani, 350,000, kwa sababu hayo ni matumizi ya mwenye duka na si ya duka. Jumlisha na bidhaa za 60,000, amechukua 410,000 kutoka kwenye duka lililozalisha 380,000. Amekula mtaji wa 30,000.

Droo haikumwambia. Mwisho wa mwezi ilikuwa na 10,000 zaidi ya mwanzo, baada ya matumizi ya nyumbani na marejesho yote. Iliwezekana kwa sababu mzigo ulipungua kutoka 2,400,000 hadi 2,300,000: fedha za kulipia deni zilitoka rafuni. Duka likiendelea hivyo, mteja ataanza kuambiwa sukari imeisha, njoo kesho.

Kwa hiyo soma hesabu kutoka juu kwenda chini, na ulinganishe na mwezi uliotangulia. Kiwango cha faida ghafi kikishuka, nenda kwenye bei, mizani na rafu. Kikibaki palepale huku faida halisi ikishuka, rafu haina kosa: ama matumizi yamekua, ama mauzo ni machache kuliko matumizi yanavyodai. Kwa 16%, matumizi ya 580,000 yanahitaji mauzo ya 3,625,000 ili duka lisipate faida wala hasara. Hesabu hiyohiyo inasaidia kabla ya kuongeza gharama. Mlinzi wa usiku wa 80,000 kwa mwezi hajilipi kwa mauzo ya 80,000. Anahitaji mauzo mapya ya 500,000, au aokoe bidhaa za thamani ya mshahara wake.